Nusu Kioo, Nusu Hewa: Mpaka Ndio Unaoamua

Mwaka 1837, katika maabara ya Taasisi ya Kifalme jijini London, Michael Faraday alikuwa na vyombo viwili vilivyofanana kwa kila hali. Kila kimoja kilikuwa mpira wa metali uliowekwa katikati ya tufe la metali lenye uwazi ndani, na kati ya mpira na ganda la nje palikuwa na nafasi ya inchi 0.62, yaani kama sentimita moja na nusu. Kwa lugha ya leo tungeviita kapasita: metali mbili zinazokaribiana bila kugusana, moja ikiwa na chaji chanya na nyingine chaji hasi.

Faraday alitaka kujua kama kitu kinachojaza nafasi ile ya katikati kina athari yoyote. Chombo kimoja akakiacha na hewa. Katika kingine akaweka bakuli la shelaki, ile gundi ngumu itokanayo na wadudu ambayo maseremala huitumia kung'arisha mbao. Bakuli hilo lilikuwa nusu tufe, likajaza nusu ya chini ya nafasi huku nusu ya juu ikibaki hewa. Kisha akakipa chaji chombo kimoja, akaipima, akakigusanisha na kile kingine ili wagawane chaji, akapima tena. Kama vyombo vingekuwa sawa, vingegawana nusu kwa nusu. Havikugawana hivyo. Chombo chenye shelaki kilionekana kuwa na uwezo wa kubeba chaji karibu mara 1.5 ya kile cha hewa.

Kutokana na namba hiyo akapiga hesabu fupi. Nusu iliyobaki hewa inachangia 0.5, basi nusu yenye shelaki lazima inachangia 1, na chombo kilichojaa shelaki chote kingefika 2. Shelaki, kwa kipimo chake, ni mara mbili ya hewa.

Hesabu hiyo ni sahihi kwa sababu ya namna bakuli lilivyokaa. Mistari ya nguvu za umeme hutoka kwenye mpira wa ndani na kwenda moja kwa moja kwenye ganda la nje, kama miale. Kila mstari ulipita ama kwenye hewa tupu ama kwenye shelaki tupu. Hakuna uliopita kwenye vyote viwili. Lakini kama Faraday angeipaka shelaki ileile kuuzunguka mpira wote kama tabaka, kila mstari ungelazimika kuvuka shelaki kwanza, kisha hewa, na hesabu ya kujumlisha nusu na nusu isingefaa hata kidogo. Kitu ni kilekile, kiasi ni kilekile, ila jibu ni jingine.

Tofauti hiyo huwasumbua wanafunzi wengi wa fizikia, na chanzo cha usumbufu ni kwamba ndani ya kapasita kuna vitu viwili vinavyofanana sana vinapokuwa katika hewa, halafu vinaachana njia mara tu kioo au plastiki inapoingia. Cha kwanza ni uga wa umeme, unaoandikwa E. Cha pili ni mhamo wa umeme, unaoandikwa D.

Uga wa umeme ni ule unaosukuma. Ukiweka chaji ndogo mahali fulani, E ndio inayosema itasukumwa kwa nguvu kiasi gani na kuelekea wapi. Kati ya mabamba mawili bapa hupimwa kwa volti kwa kila milimita: mabamba yakiachana milimita 2 na tofauti ya volti ikiwa 1,000, uga katika hewa ni volti 500 kwa milimita. Uga huu unaziona chaji zote zilizopo, bila kujali zimetoka wapi.

Na chaji hutoka sehemu mbili. Kuna zile zilizoletwa na betri kupitia waya, zikaketi juu ya mabamba. Hizi huitwa chaji huru. Kuna pia zile za kihami chenyewe, kama kioo au shelaki. Kihami hakipitishi umeme, kwa hiyo elektroni zake haziwezi kusafiri, lakini uga ukiwapo kila molekuli hujinyoosha kidogo: upande hasi unavutwa kuelekea bamba chanya, upande chanya kuelekea bamba hasi. Ndani kabisa ya kioo minyoosho hiyo hufutana, kwa sababu kila upande chanya una upande hasi wa jirani pembeni yake. Juu ya nyuso za kioo hakuna jirani wa kufuta, na hapo ndipo hubaki utando mwembamba wa chaji. Hizi ni chaji zilizofungwa.

Mhamo wa umeme, D, umeundwa ili uhesabu chaji huru peke yake. James Clerk Maxwell ndiye aliyeliingiza wazo la mhamo katika hesabu za umeme, katika maandishi yake ya mwaka 1862. Pale juu ya bamba la metali, D ni sawasawa na wingi wa chaji huru kwa kila eneo. Kati ya D na E kuna uhusiano mmoja tu wa kukumbuka:

D = k × ε₀ × E

Hapa ε₀ ni namba isiyobadilika, na k ni kipimo cha kihami. Kwa hewa k ni 1 kwa ukaribu sana. Kwa kioo cha kawaida ni 5 na zaidi. Plastiki ya polithini inayotumika kwenye nyaya kubwa za umeme ina k ya karibu 2.3.

Ili jambo lionekane waziwazi, tuchukue mabamba mawili ya mraba, kila moja sentimita 10 kwa 10, yakiachana milimita 2, na betri ya volti 1,000. Yakiwa na hewa tupu, uga ni volti 500 kwa milimita, D ni mikrokulombi 4.4 kwa mita ya mraba, na chaji huru juu ya bamba ni nanokulombi 44. Uwezo wa kapasita hii ni pikofaradi 44. Sasa kuna kioo chenye k ya 5, kinachotosha kujaza nusu kamili ya nafasi. Kitawekwaje?

Njia ya kwanza ni ya ubavu kwa ubavu: kipande cha kioo chenye unene wa milimita 2 kinaingizwa upande wa kushoto hadi katikati, kikigusa bamba la juu na la chini, na upande wa kulia unabaki hewa. Mpaka kati ya kioo na hewa sasa umesimama, ukielekea kulekule inakoelekea mistari ya uga.

Bamba la juu ni metali moja, na metali moja haiwezi kuwa na volti tofauti kushoto na kulia. Kwa hiyo volti 1,000 zilezile zinavuka milimita 2 zilezile, ziwe za kioo au za hewa. E ni volti 500 kwa milimita pande zote mbili. Kioo hakikuupunguza uga. Mwanafunzi aliyekariri kwamba kihami hupunguza uga hukwama hapa, na ni haki yake kukwama, maana kanuni aliyopewa ilikatwa nusu: kihami hupunguza uga pale chaji huru zinapozuiwa kuongezeka. Hapa hazikuzuiwa.

Kilichobadilika ni D. Upande wa hewa imebaki 4.4, upande wa kioo imekuwa mara tano, yaani 22. Maana yake juu ya bamba hilohilo chaji huru zimejipanga upya: nusu ya kulia ina nanokulombi 22, nusu ya kushoto ina 111. Jumla ni 133, mara tatu ya zile za kapasita tupu.

Tusogee karibu zaidi na ile nusu ya kushoto, pale kioo kinapolalia metali. Upande wa metali kuna nanokulombi 111 za chaji huru chanya. Upande wa kioo, umbali mdogo kuliko jicho linavyoweza kuona, kuna utando wa chaji hasi zilizofungwa, na hesabu yake ni karibu 89. Zikikatana, zinabaki 22, sawasawa kabisa na zile zilizo upande wa hewa. Ndiyo sababu uga ni mmoja. Betri imeleta chaji za ziada nyingi kiasi cha kufidia zile ambazo kioo kinazificha. E inaona mabaki tu, D inaona zote zilizoletwa.

Na jambo la kupendeza ni kwamba pale mpaka wa kioo na hewa, katikati ya kapasita, hakuna kinachotokea. Mistari ya E haipindi wala haikatiki. Mpaka unaofuata mwelekeo wa uga haukusanyi chaji yoyote, kwa sababu molekuli zilizonyooka zinaupita ubavuni bila kuuelekezea ncha.

Njia ya pili ni ya tabaka juu ya tabaka. Kioo hichohicho sasa ni bamba pana la milimita 1, kimelala juu ya bamba la chini lote, na juu yake kuna hewa ya milimita 1. Mpaka umelala, na kila mstari wa uga lazima uuvuke.

Juu ya mpaka huo kuna chaji, lakini zote ni zilizofungwa. Betri haikuleta hata moja hapo, kwa kuwa hakuna waya unaofika pale. D, ambayo haihesabu chaji zilizofungwa, inapita mpakani bila kubadilika: D ya hewa na D ya kioo ni moja. Ikiwa D ni moja na k ya kioo ni mara tano, basi E ya hewa lazima iwe mara tano ya E ya kioo. Volti 1,000 zinagawanyika kwa uwiano huo: tabaka la hewa linachukua volti 833, tabaka la kioo linachukua 167. D katika matabaka yote mawili ni 7.4, chaji juu ya bamba ni nanokulombi 74, na uwezo ni pikofaradi 74.

Pikofaradi 133 kwa njia moja, 74 kwa njia nyingine, kwa kioo cha ujazo uleule. Na katika njia hii ya pili haijalishi kioo kimelala chini, kimebandikwa juu au kinaelea katikati. Kinachohesabika ni unene wa jumla wa kioo na unene wa jumla wa hewa, basi.

Kuna kosa moja ambalo hata watu wazoefu hulifanya, na linastahili kukaa nalo kidogo. Kwa kuwa D inahesabu chaji huru, wengi hudhani kwamba ukiitenga kapasita na betri, chaji zisipate pa kwenda, basi D haiwezi kubadilika kwa lolote utakaloingiza ndani. Katika tabaka juu ya tabaka dhana hiyo ni kweli tupu. Chukua kapasita tupu yenye nanokulombi 44, ing'oe betri, kisha telezesha kioo cha milimita 1 kwenye bamba la chini. D inabaki 4.4. Hewa iliyo juu ya kioo haijui kama kumetokea chochote: uga wake ungali volti 500 kwa milimita. Ndani ya kioo uga umeshuka hadi 100. Voltimita nzuri isiyoivuta chaji ingesoma 600 badala ya 1,000.

Lakini telezesha kioo kwa njia ya ubavu kwa ubavu na dhana inavunjika. Nanokulombi 44 bado zipo zote, hakuna iliyotoroka, ila zimehama juu ya bamba lenyewe. Metali inaziruhusu kutembea. Takriban 37 zimekimbilia upande wa kioo na 7 tu zimebaki upande wa hewa. D ya hewa imeshuka hadi 1.5 na ya kioo imepanda hadi 7.4. Uga pande zote mbili umeshuka kwa pamoja hadi volti 167 kwa milimita, na volti za kapasita zimekuwa 333. Kilichohifadhiwa ni jumla ya chaji. D yenyewe ni wingi kwa eneo, na wingi kwa eneo unaweza kubadilika bila jumla kuguswa.

Kwa hiyo swali la kuanza nalo, kabla ya kushika kalamu, ni la mpaka: je, umesimama pamoja na uga au umelala kuukatiza? Ukisimama pamoja nao, E ni moja pande zote mbili na D ndiyo inayoruka. Ukilala kuukatiza, D ni moja na E ndiyo inayoruka. Mpaka wa mshazari huchanganya yote mawili, sehemu ya uga inayofuata mpaka ikitii kanuni ya kwanza na sehemu inayouvuka ikitii ya pili, na hapo ndipo mistari hupinda.

Anayetaka kuyajaribu haya mezani anaweza, kwa karatasi za alumini zilizobandikwa kwenye vibao bapa, vipande vya kioo cha dirisha na kipima-umeme chenye sehemu ya kupima kapasita. Asishangae namba zikikataa kulingana. Nyaya za kipimo zenyewe huongeza pikofaradi kadhaa, na uga huvimba nje ya kingo za mabamba, kwa hiyo kapasita tupu itasoma zaidi ya hesabu. Hizo hutolewa kwa kupima nyaya peke yake kwanza na kwa kutumia mabamba mapana yenye nafasi nyembamba.

Kosa baya zaidi hujificha kwenye hewa. Kioo cha milimita 2 kikijaza nafasi yote kinapaswa kutoa pikofaradi 221. Lakini karatasi ya alumini huwa na mikunjo, na mkunjo unaoacha mwanya wa sehemu ya kumi ya milimita juu na mwingine kama huo chini hushusha kipimo hadi karibu 148. Theluthi nzima imepotea kwa mwanya usiozidi unene wa karatasi mbili tatu. Sababu ni ileile ya matabaka: hewa ya milimita 0.2 inameza volti nyingi sawa na kioo cha milimita 1. Ukiona kihami chako kinatoa k ndogo kuliko ilivyo kwenye majedwali, shuku hewa kabla ya kushuku kihami. Majedwali ya leo yanaipa shelaki k ya karibu 3, juu ya ile 2 ya Faraday, na mwanya wowote kati ya bakuli lake na metali ungevuta kipimo kuelekea chini vivyo hivyo.

Hadi hapa ni hesabu za darasani. Volti zikipanda, zinageuka kuwa suala la kuungua.

Hewa ya kawaida huvumilia uga wa takriban kilovolti 30 kwa sentimita kabla ya kupasuka na kutoa cheche. Kioo huvumilia zaidi sana. Tuseme kuna mabamba mawili yaliyoachana sentimita 2 na kilovolti 40 kati yake. Uga ni kilovolti 20 kwa sentimita, hewa inavumilia, pametulia. Sasa fundi mwenye nia njema anaona aongeze usalama, analaza kioo cha sentimita 1 katikati. Matabaka yanagawana volti: kioo kinachukua karibu 7, hewa iliyobaki inachukua 33, na hewa hiyo ni sentimita 1 tu. Uga wake sasa ni kilovolti 33 kwa sentimita. Hewa inapasuka. Kuongeza kihami bora kumeanzisha cheche pale ambapo hapakuwa nazo.

Angekisimamisha kioo hicho ubavu kwa ubavu, uga wa hewa ungebaki 20, na kwa hesabu ya uga peke yake hatari hiyo isingekuwapo, ingawa uso wa kioo kilichosimama, hasa ukiwa na vumbi au unyevu, una njia yake ya kupitisha cheche.

Hata hivyo cheche katika tabaka la hewa si mwisho wa kapasita. Kioo bado kipo na kinaziba njia. Hewa imewaka lakini mkondo mkubwa hauwezi kupita. Werner von Siemens alilitumia jambo hili kwa makusudi mwaka 1857 alipotengeneza mtambo wa kuzalisha ozoni: hewa inapita katika nafasi nyembamba, volti kubwa zinazobadilika mwelekeo zinaipasua mara kwa mara, na kioo kinazuia cheche isigeuke moto wa moja kwa moja. Mitambo ya ozoni ya kusafishia maji bado inafuata muundo huo, nusu kihami na nusu hewa, tabaka juu ya tabaka.

Ambako hakuna anayeutaka muundo huo ni ndani ya nyaya za umeme za chini ya ardhi. Waya wa kilovolti 33 una kiini cha metali, kisha koti la polithini lenye unene wa milimita 8, kisha ganda la metali lililoungwa na ardhi. Kati ya kiini na ardhi kuna kilovolti 19, ambazo kwenye kilele cha kila wimbi hufika karibu 27. Wastani wa uga kwenye polithini wakati wa kilele ni kama kilovolti 3.4 kwa milimita. Polithini safi inaubeba uga huo kwa miaka mingi bila shida.

Ikiwa wakati wa kutengeneza waya, au fundi anapounga vipande viwili shimoni, kiputo cha hewa kimenaswa ndani ya polithini, umbo lake ndilo linaloamua. Kiputo kirefu na chembamba, kinachoelekea kutoka kiini kwenda nje kama sindano, ni kesi ya ubavu kwa ubavu: kuta zake zinafuata uga, na ndani yake E ni ileile ya polithini iliyokizunguka, kilovolti 3.4. Kiputo bapa kama sarafu, kilicholala kuuzunguka waya, ni kesi ya matabaka: D inavuka kuta zake bila kubadilika, na E ndani yake ni mara 2.3, karibu kilovolti 7.8 kwa milimita. Kiputo cha duara huangukia katikati, mara 1.2 tu.

Wazo la kuchonga uwazi wa maumbo haya mawili ili kutofautisha nyuga mbili ni la zamani. William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alilitumia kwenye sumaku katikati ya karne ya 19. Kwa umeme linasema hivi: ndani ya kihami, mwanya wa sindano unakuonyesha E, na mwanya wa sarafu unakuonyesha D. Ni njia nzuri kuliko zote ya kukishika kile ambacho D inakipima, kwa sababu inakifanya kuwa kitu ambacho, japo kwa kufikiria, unaweza kukiingizia kipimo.

Hewa katika mwanya mwembamba ni ngumu kupasua kuliko hewa ya wazi. Kwa nusu milimita huvumilia karibu kilovolti 5 kwa milimita. Kiputo cha sindano chenye unene huo hakifiki hapo. Kiputo cha sarafu kinapita. Kwa hiyo kila wimbi la umeme linapopanda, hewa ya kiputo inapasuka. Linaposhuka na kugeuka, inapasuka tena. Umeme wa gridi una mizunguko 50 kwa sekunde na kila mzunguko una vilele viwili, kwa hiyo kiputo kimoja kinaweza kutoa cheche mia moja au zaidi kila sekunde, usiku na mchana. Kila cheche ni ndogo mno, lakini inazichoma kuta za polithini, inachimba vijitundu vyenye matawi kama mizizi ya mti, na matawi hayo yanasogea polepole kutoka kiputo kuelekea ganda la nje hadi siku yanapofika.

Taa haziyumbi wakati wa kazi hiyo, na mita ya kawaida haisomi chochote. Wahandisi huwasikiliza viputo hawa kwa kifaa kinachonasa mirindimo midogo ya chaji kwenye waya, inayohesabiwa kwa pikokulombi, yaani sehemu ya trilioni ya kulombi. Volti hupandishwa polepole huku kifaa kikiangaliwa. Waya safi unabaki kimya hadi mwisho wa jaribio. Wenye kiputo unaanza kutoa mirindimo ghafla kwenye volti fulani, ileile kila unaporudia, karibu na mahali wimbi linapopanda kwa kasi. Hiyo ndiyo volti ambayo uga wa tabaka la hewa umevuka kikomo chake.

Kipimo hiki hufanywa kwa umeme wa kubadilika mwelekeo kwa sababu ya msingi. Hesabu zote za D zilizotolewa hapa zinadhani kwamba vihami havivuji hata kidogo. Kila kihami huvuja. Katika mizunguko 50 kwa sekunde uvujaji haupati muda wa kufanya lolote, na matabaka hugawana volti kwa kufuata k. Lakini ukiweka umeme wa betri juu ya matabaka hayo na kuuacha kwa saa kadhaa, chaji huru huchirizika ndani ya kihami na kutulia pale mpakani, mahali ambapo hapo mwanzo hazikuweza kufika. D haiwi tena moja pande zote mbili, na volti zinagawanyika kufuatana na ukinzani wa kila tabaka, bila kuijali k. Ndiyo maana nyaya zinazobeba umeme wa mwelekeo mmoja, zile za chini ya bahari zinazounganisha nchi na nchi, hupigiwa hesabu nyingine kabisa, na waya uliobuniwa kwa aina moja ya umeme hauhamishiwi kwenye aina nyingine kwa kutazama volti zake tu.